Fomeni wa kiwanda, slipu ya wakala: kisa cha mpwa wangu pale Pongwe

Tarehe 29 Novemba 2023 jioni mpwa wangu alifika nyumbani Makorora, kaegemeza baiskeli ukutani, shikamoo mjomba, marahaba, halafu kimya. Mi nilishajua kuna jambo maana siku ya katikati ya wiki saa kumi na moja ye huwa yuko shifti. Baadae ndo akasema, mjomba wamenitoa kazini, tangu tarehe sita. Nikamwambia tarehe sita ya mwezi huu? Akasema ndio. Sasa hapo ndo nilipopandisha sauti kidogo, kwa sababu siku ishirini na tatu zilikuwa zimeshaenda na ye alikuwa amekaa tu anasubiri simu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Alikuwa opereta wa mashine ya kufungasha kwenye kiwanda kimoja upande wa Pongwe. Sitasema wanafungasha nini, ukitaja tu mtu yeyote wa Tanga ameshajua ni wapi. Aliingia Machi 2020 kama kibarua, analipwa na kiwanda chenyewe. Julai 2021 wakaitwa kantini, wakapewa fomu, wakaambiwa kuanzia leo nyie ni wa kampuni fulani, kazi ni ileile, sainini. Wakasaini, nani atagoma? Januari 2023 fomu zikaja tena, kampuni nyingine, ofisi yake chumba kimoja Ngamiani juu ya duka la vifaa vya umeme. Mashine haikubadilika, fomeni ni yuleyule, loka ileile ya nguo. Kilichobadilika ni jina juu ya slipu ya mshahara.

Usiku wa tarehe 2 Novemba kuna mifuko ilitoka na uzito pungufu, palleti nzima. Fomeni akasema opereta hakuiseti mizani, mpwa akasema mizani inasumbua tangu wiki iliyopita na alisharipoti kwa fundi. Hakuna kikao kilichokaa. Jumatatu tarehe 6 asubuhi anafika geti, anaweka dole gumba kwenye ile mashine ya mahudhurio, inalia tiii, taa nyekundu. Anarudia, nyekundu. Mlinzi anamwambia kijana jina lako halipo, kaongee na watu wako. "Watu wako" ni wakala wa Ngamiani. Kule akaambiwa mteja amekukataa, sisi hatuna tatizo na wewe, kaa nyumbani tunakutafutia saiti nyingine.

Hiyo "kaa nyumbani tunakutafutia" ndo kitu cha kwanza cha kukiangalia kwenye kesi za hivi, kabla hata ya kujua nani kakosea. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu uamuzi wa kukuachisha. Madai mengine, mshahara, likizo na kadhalika, ni siku 60. Ukichelewa unaanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa nasubiri simu" ni maelezo mepesi sana. Unaweza kubishana kwamba kumbe hujaachishwa, uko tu benchi, na kama uko benchi basi mshahara unadaiwa. Hoja ipo, ila mi nisingemwachia mtu aitegemee. Nilihesabu siku 30 kuanzia ile taa nyekundu, kwa hiyo mwisho ni tarehe 6 Desemba. Zimebaki saba.

Usiku ule tukamwaga makaratasi yote mezani. Mkataba wake na wakala ni kurasa mbili. Mwajiri: wakala. Mahali pa kazi: "popote kwa mteja". Muda: miezi mitatu mitatu, wa mwisho tarehe 1 Oktoba hadi 31 Desemba. Na kifungu cha tisa kinasema ajira itakoma mara moja endapo mteja atasitisha kuhitaji huduma ya mfanyakazi. Mpwa alikinyooshea kidole hicho akasema mjomba si unaona, nilisaini mwenyewe.

Kifungu cha namna hii utakikuta kwenye karibu kila mkataba wa watu wa kukodishwa na kinawatisha wengi kuliko kinavyostahili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali, na sababu inahusu mwenendo wa mtu, uwezo wake wa kazi au kupatana kwake na kazini, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. Juu ya hapo afuate utaratibu wa haki. Wewe na mwajiri hamwezi kukaa mezani mkaandikiana kwamba sababu halali si lazima. Kwa hiyo "mteja kakukataa" ni mwanzo tu wa maelezo, lazima wakala aseme: je, namtoa kwa kosa? Basi kikao cha nidhamu kiko wapi. Je, nafasi imekufa? Basi mashauriano ya kupunguza wafanyakazi yako wapi, na mbona siku ya pili kiwanda kimeletewa opereta mwingine. Kuna njia ya tatu ambayo wakala mwenye wakili mzuri angeikimbilia. Kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali namba 42 la 2007, zinataja kutopatana na watu muhimu kwa biashara, wateja wakiwemo. Lakini hata hapo unatakiwa umwambie mtu tatizo ni nini, uliandike, umpe nafasi ya kujieleza na kujirekebisha. Huyu kaambiwa na taa nyekundu.

Halafu kuna kigezo cha miezi sita. Sheria haimpi ulinzi huu aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri yuleyule, ila inasema iwe kwa mkataba mmoja au zaidi ya mmoja. Kwa hiyo vile vipande vya miezi mitatu vinaunganishwa. Tangu Januari ana miezi kumi kwa wakala huyu, tuko salama. Tena alitolewa katikati ya mkataba kabla haujafika mwisho, hawana cha kusema umeisha wenyewe. Na hiyo mikataba ya muda kwa kazi ya opereta nayo ilikuwa na walakini, maana kwa sheria ilivyokuwa 2023 mkataba wa kipindi maalumu ulikuwa wa wanataaluma na mameneja.

Sasa swali lenyewe: unamshtaki nani? Mpwa alitaka kiwanda tu, ana hasira na fomeni. Jirani yangu mmoja anayejua mambo akasema andika wakala tu, mkataba unasema hivyo, utapoteza muda. Mi nilisema wote wawili kwenye fomu moja, mlalamikiwa wa kwanza na wa pili. Ukimwandika mmoja, siku ya kikao anamnyooshea kidole asiyekuwepo, wakala anasema sikumtoa mimi, kiwanda kinasema huyu simjui.

Lakini kuandika jina la kiwanda si kuthibitisha kwamba ni mwajiri, na hapa ndo watu wengi wanajidanganya. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kina vitu saba, na kimoja tu kikitimia mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine: namna ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi ile, amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu, anamtegemea kiuchumi, anapewa vitendea kazi, anafanyia kazi mtu mmoja tu. Ukisoma unaona kiwanda kimenaswa karibu kila mahali. Tatizo ni kwamba kile kifungu kinajibu zaidi swali la "je, huyu ni mwajiriwa au ni mtu wa kujitegemea", na hapa hakuna anayebisha kuwa mpwa ni mwajiriwa. Wakala anakubali kabisa, ni wangu. Kwa hiyo kukitumia kumvuta mteja ni hoja ya kujenga, na muamuzi anaweza kukutazama akasema mbona mkataba wa maandishi unaonyesha mwajiri wako. Wenzetu wa Afrika Kusini waliliandika wazi, huko mfanyakazi wa kipato cha chini akipelekwa kwa mteja zaidi ya miezi mitatu, mteja ndo anachukuliwa mwajiri kwa madhumuni ya sheria yao ya mahusiano kazini, na Mahakama ya Katiba ikalithibitisha 2018. Kwetu kuna kanuni za mawakala binafsi wa ajira za 2014, zilizotaka wakala awe wa kuunganisha mtu na kazi, asijifanye mwajiri wake. Baada ya hapo makaratasi mengi yakabadilishwa jina tu, "kukodisha watu" ikawa "mkataba wa huduma".

Kwa hiyo kazi yako inakuwa kuonyesha hii "huduma" ni huduma kweli au ni vichwa. Mfano mzuri uko palepale kiwandani. Walinzi wa getini ni wa kampuni ya ulinzi, wana supavaiza wao anayezunguka na pikipiki, sare zao, redio zao, mmoja akiumwa kampuni inaleta mwingine na kiwanda hakijui hata jina. Wale mi nisingekigusa kiwanda kwa ajili yao, mwajiri wao ni kampuni ya ulinzi bila ubishi. Mpwa je? Mashine ya kiwanda, ovaroli ya kiwanda, mafunzo ya mashine alipewa na fundi wa kiwanda, shifti zinatumwa na fomeni wa kiwanda kwenye grupu la wasapu. Wakala hana hata mtu mmoja ndani ya geti. Na kidole chake kimefutwa na nani kwenye ile mashine? Wakala hana paswedi ya kitu kile.

Karatasi iliyonifanya nicheke ilikuwa chini kabisa ya bahasha. Onyo la kwanza la maandishi, la Julai 2023, kuchelewa dakika arobaini. Limeandikwa kwenye karatasi yenye nembo ya kiwanda, limesainiwa na fomeni, limegongwa muhuri wa idara ya rasilimali watu ya kiwanda. Nikamuuliza mpwa, wakala alilijua hili? Akasema sidhani. Ukitaka kujua nani mwajiri tafuta nani anaadhibu. Hilo onyo mpwa alikuwa anaona aibu kulitoa, kumbe ndo mali. Zile jumbe za grupu tukazichapisha zikionyesha namba na tarehe, na nikamwambia simu yenyewe usiuze wala usiifute, maana wakibisha uchapishaji utaulizwa ilikotoka.

Kesho yake nikaenda Ngamiani kumwona bosi wa wakala. Mtu mstaarabu tu, kanipa na soda. Akaanza kulalamika ye mwenyewe, mzee mi hapa sipati kitu, akageuza ankara ya Oktoba mezani nione. Watu 42, kila mmoja 290,000, na chini mstari umeandikwa siku za kutofika zitakatwa. Nikaisoma mara mbili. Hakuna tani wala palleti humo, kuna vichwa na siku. Ye alikuwa anataka nimhurumie, na kweli hesabu inatia huruma. Mshahara wa mpwa na ovataimu ni 230,000. Mchango wa mwajiri NSSF asilimia 10 ni 23,000. Tozo ya ufundi stadi, mwaka ule ilikuwa asilimia 3.5, ni 8,050, mfuko wa fidia asilimia 0.5 ni 1,150. Jumla 262,200. Anabaki na 27,800 kwa kichwa, kodi ya ofisi humo, mhasibu humo, faida humo. Na kiwanda kinamlipa baada ya siku 60, maana yake anatembea na mishahara ya miezi miwili ya watu 42 kutoka mfukoni kwake, karibu milioni 9.7 kila mwezi.

Sasa mtu wa namna hiyo akibanwa anakopa wapi? Nilivyotoka pale nikamwambia mpwa kachukue taarifa ya michango yake NSSF leo hii. Ikaja kama nilivyoogopa, slipu zinaonyesha kakatwa 23,000 kila mwezi, ila Juni hadi Oktoba hakuna kilichoingia. Miezi mitano, yake na ya mwajiri, 230,000. Bei ya kichwa kwenye ankara ikishuka karibu na gharama halali, michango ndo inaliwa kwanza kwa sababu mfanyakazi haoni. Ndo maana mi mkataba wa namna hii naanza kuusoma kwenye ankara ukipata bahati ya kuiona, mkataba unakuja baadae.

Na ile taarifa ya NSSF ilikuwa na zawadi nyingine. Waajiri watatu mfululizo: kiwanda tangu 2020, wakala wa kwanza, wakala wa pili. Hakuna mwezi uliokatika walipobadilishana. Hii ndo karatasi inayojibu ule mchezo wa kubadilisha wakala kila baada ya muda. Angalia kiinua mgongo: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, na lazima uwe umetimiza miezi 12 mfululizo. Mshahara wake wa msingi 200,000, gawa kwa siku 26, ni 7,692 kwa siku. Ukihesabu tangu Machi 2020 ana miaka mitatu kamili, siku 21, kama 161,500. Ukihesabu tangu Januari 2023 ana miezi kumi, anapata sifuri. Pesa si nyingi, ila miaka hiyohiyo ndo inaamua pia uzito wa kesi yote mbele ya muamuzi, mtu wa miezi kumi na mtu wa miaka mitatu na nusu kwenye mashine moja hawaangaliwi sawa.

Jumatatu tarehe 4 Desemba tukajaza CMA F.1. Mpwa akasaini mwenyewe, sababu tukaandika kutokuwa na sababu halali na utaratibu kutofuatwa, walalamikiwa wawili. Kabla ya kuiwasilisha unatakiwa uwape nakala wenzako na uwe na ushahidi kwamba wamepokea. Wakala alisaini bila shida. Kiwandani mlinzi akasema kaambiwa asipokee karatasi yoyote ya mtu wa wakala, kasimama pale na rungu lake, hana hata ugomvi. Tukapanda daladala kurudi mjini, posta, rejista, risiti tukaibana kwenye fomu. Tukawasilisha siku hiyohiyo, siku ya 28.

Walikuja wote wawili siku ya usuluhishi. Yaliyosemwa mle ndani ni ya mle ndani, siyaandiki. Nitasema tu kwamba kabla ya kuingia nilimwambia mpwa awe na namba tatu kichwani. Cha chini kabisa: mshahara wa notisi 200,000, likizo ya miezi kumi kama 167,000, kiinua mgongo cha miaka mitatu, na michango iingie. Cha juu: fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12 kwa sheria ilivyokuwa mwaka ule, yaani 230,000 mara 12, 2,760,000, pamoja na hayo ya chini. (Marekebisho yaliyokuja baadae yamegusa hapo kwenye fidia, kwa hiyo usibebe namba yangu ukaipeleka kwenye kesi ya leo.) Na cha katikati ambacho ukipewa unafikiria. Cha katikati unakipunguza kwa ile hatari niliyosema, kwamba kiwanda kinaweza kutolewa kwenye kesi ukabaki na wakala wa 27,800, ambaye hata ukimshinda sijui utakamata nini pale, meza na feni.

Wakakubaliana 1,500,000 kwa awamu mbili, miaka ihesabiwe tangu 2020, michango iingizwe ndani ya siku 30, na cheti cha utumishi. Mkataba wa usuluhishi ukasainiwa na watatu. Hicho nilikililia sana, saini ya kiwanda, kwa sababu makubaliano yale wasipolipa unayapeleka kukaziwa hukumu, na nilitaka kuwe na mtu mwenye mali kwenye karatasi. Kiwanda kilisaini kama "mdhamini wa malipo", neno "mwajiri" walilikataa katakata. Sawa. Kuna jamaa ananilaumu mpaka leo kwamba tungeenda kwenye uamuzi tungepata kubwa na tungewafungulia njia wale 41 waliobaki. Huenda. Mpwa alikuwa na kodi ya miezi miwili anadaiwa na mke ana mimba ya miezi saba, na kesi ilikuwa ni yake, si ya hao 41.

Awamu ya kwanza iliingia kwa wakati, ya pili ilichelewa siku tisa. Michango ya miezi minne ilionekana NSSF Februari. Ule wa Oktoba ulikuja Aprili, baada ya mpwa kwenda na nakala ya makubaliano mpaka mapokezi ya kiwanda na kukaa kwenye kiti pale asubuhi nzima.